King'ora kilie kipindi cha tatu, si siku ya maonesho

Nilipowauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili ni kero gani ya nyumbani ambayo betri na waya vinaweza kuitatua, mikono mingi ilinyooka kwa jambo moja: maji. Maji ya bomba huja kwa mgao, mara nyingi usiku. Mtu anafungua koki ijaze simtanki, anajinyoosha kidogo, usingizi unampitia, na alfajiri anakuta uani pamekuwa bwawa na mita imekimbia. Binti mmoja alisema kwao zamu ya kukesha ni yake, na hata akiwa na mtihani kesho yake zamu haihamishwi.

Tukakubaliana kutengeneza king'ora cha tangi, yaani kifaa cha betri kinachopiga kelele maji yanapofika juu. Sehemu zake zinapatikana Kariakoo na kazi yake inaeleweka na kila aliyeko nyumbani. Darasa lina wanafunzi 60, kwa hiyo vikundi 12 vya watu watano watano. Nilikuwa na vipindi nane vya dakika 40. Mara ya kwanza nilivipanga vibaya, na nataka kuzungumzia upangaji huo hasa, maana naona walimu wenzangu wengi wa jiji hili wanaandaa kazi mradi kwa mtindo uleule nilioutumia mimi.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa hivi. Vipindi viwili vya mkondo na ukinzani, kimoja cha transista, ile sehemu ndogo inayokuza mkondo, kimoja cha kuchora saketi, viwili vya kuunganisha, kimoja cha kutengeneza kasha na kulipamba, na cha nane maonesho. Ukiuandika kwenye azimio la kazi unapendeza: nadharia kwanza, vitendo baadaye, bidhaa mwishoni. Siku ya maonesho, ving'ora vitatu kati ya 12 ndivyo vilivyolia. Vingine vilikaa kimya juu ya meza vikiwa vimepakwa rangi nzuri, na watoto waliovitengeneza wakawa wanavitikisa huku wageni wakisubiri.

Nikavifungua kimoja kimoja jioni ile. Kimoja skrubu ilikuwa imebana plastiki ya waya badala ya shaba. Kingine baza, ile sehemu inayotoa sauti, ilikuwa imegeuzwa. Kingine miguu ya transista iligusana. Hakuna kosa hata moja lililokuwa gumu. Yote yalifanyika kipindi cha tano na cha sita, lakini yalionekana kipindi cha nane, wakati hapakuwa tena na muda wa kurekebisha. Wanafunzi hawakukosa uelewa, kwani saketi waliichora vizuri. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia siku ileile kwamba kazi yao ya siku ile haijakaa sawa, na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi niliyepanga.

Tangu hapo napanga kwa vituo. Naliazima neno la daladala kwa makusudi. Kituo ni mahali unapojua umefika au hujafika, na abiria wote wanaona. Sasa tazama andalio la somo la kawaida linavyoandikwa: mwanafunzi aweze kueleza kazi ya transista, aweze kutaja sehemu za saketi. Hayo ni malengo halali, na mkaguzi atayatafuta, lakini hayafai kuwa kituo cha kipindi cha mradi. Kikundi cha watu watano hakiwezi "kueleza" kwa pamoja. Mmoja ataeleza na wanne watatikisa kichwa. Kituo kizuri ni kitu kinachoshikika ambacho kimepita jaribio moja, na jibu la jaribio ni ndiyo au hapana.

Kuna hesabu inayolazimisha jambo hili. Katika dakika 40, tano za mwanzo huenda kwenye kugawa vifaa na tano za mwisho kwenye kuvikusanya. Zinabaki 30. Ukitaka kukagua vikundi 12 wewe mwenyewe, kila kikundi kinapata dakika mbili na nusu, na hapo hujamsaidia yeyote aliyekwama. Ndiyo maana kituo lazima kiwe kitu ambacho kikundi jirani kinaweza kukithibitisha bila mwalimu. Baza imelia au haijalia, hilo halihitaji shahada. Ukutani nabandika manila yenye mistari 12 na safu nane. Kikundi jirani ndicho kinachotia sahihi kwenye kisanduku cha mwenzake, na mimi natembea kwenye visanduku vitupu tu.

Sasa niupitie mpango wenyewe, nikikaa zaidi pale palipo na mambo.

Kipindi cha kwanza kina kituo chepesi: kila kikundi kiwe kimeiliza baza yake moja kwa moja kwenye betri ya volti 9, na kiwe kimeandika kwenye kadi majaribio matatu ambayo king'ora chao lazima kiyapite. Kuiliza baza kunaonekana ni mchezo, na kelele yake inamfikia mwalimu wa darasa la jirani hadi anakuja kuchungulia. Lakini ndani ya dakika kumi nimeshajua kama kila betri na kila baza ni nzima, na kila mtoto ameshagundua kwamba baza ina upande: waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, ukigeuza inanyamaza. Kosa lililoniangushia ving'ora siku ya maonesho linamalizwa siku ya kwanza.

Majaribio matatu ya kwenye kadi huwa wanayatunga wenyewe, nami nabana tu maneno hadi yapimike. "Kilie kwa nguvu" tulikibana kikawa kisikike mlango ukiwa umefungwa, mtu akiwa hatua kumi nje. "Kiwe haraka" kikawa kilie kabla hujamaliza kuhesabu mbili baada ya maji kugusa. La tatu, ambalo watoto hulisahau na mimi hulidai, ni kwamba kikae kimya kabisa pale pasipo na maji.

Kipindi cha pili nimekipanga ili kishindikane, na nakitetea hapa kwa sababu wenzangu wawili walinishauri nikifute kuokoa muda. Kila kikundi kinaunganisha betri, baza na nyaya mbili zilizovuliwa ncha, kisha kinatumbukiza ncha hizo kwenye kikombe cha maji. Wote wanatarajia kelele, na haiji. Kwa maji ya bomba baza inakaa kimya au inatoa sauti ya kutafuta kwa sikio. Mtu anaongeza kijiko cha chumvi, ndipo inalia kama mbu. Kituo cha siku ni jedwali lenye mistari mitatu, la maji ya mvua, ya bomba na ya kisima, na neno moja mbele ya kila mstari: kimya, dhaifu, au inalia.

Jedwali hilo linatosha kuleta hesabu ubaoni. Kipima umeme cha shule kikiwekwa kwenye maji namba yake haitulii, lakini kwa maji ya bomba ilikuwa inacheza kwenye maelfu mengi ya omu. Tukachukua omu 20,000 kama mfano. Volti 9 ukizigawa kwa 20,000 unapata ampea 0.00045, chini ya nusu ya miliampea. Baza kama zetu zinataka miliampea 10 au zaidi ndipo zilie sawasawa. Kwa hiyo maji yanapitisha umeme, ila kidogo mno. Mtoto aliyeisikia baza ikikataa mikononi mwake anafika kipindi cha tatu akiwa na swali la kweli: tutaukuzaje huo mkondo mdogo? Mwaka wa kwanza niliwapa transista kabla hawajawa na shida inayoitatua, wakaikariri kama jina la mto wa nchi wasiyowahi kufika.

Kipindi cha tatu ndicho uti wa mgongo wa mpango wote. Kituo chake: baza ilie nyaya mbili zinapogusa maji ya kikombe, inyamaze zinapotolewa. Hakuna kasha wala rangi. Nyaya zimetapakaa mezani, mbaya kuzitazama, lakini kifaa kizima kinafanya kazi siku hiyo. Vipindi vitano vinavyobaki ni vya kukiboresha kitu kinacholia tayari. Nikibanwa niseme kanuni moja tu ya kupanga kazi mradi ya kutengeneza kifaa, ni hii: bidhaa nzima, hata ikiwa ya hovyo, iwe imeshafanya kazi mara moja kabla nusu ya vipindi haijaisha.

Saketi yenyewe ni fupi. Tunatumia transista ya BC547, yenye miguu mitatu: kolekta, beza na emita. Chanya ya betri inakwenda kwenye waya mwekundu wa baza. Waya mweusi wa baza unakwenda kwenye mguu wa kolekta. Mguu wa emita unarudi kwenye hasi. Kisha kutoka chanya unatoka waya wa kwanza wa kuingia majini. Waya wa pili wa majini unapitia rezista ya omu 1,000 hadi kwenye mguu wa beza, ule wa katikati. Ule mkondo mdogo wa majini ukiingia beza, transista hii inaruhusu mkondo wa zaidi ya mara 100 yake kupita kwenye baza. Rezista ipo kwa ajili ya siku nyaya mbili zitakapogusana zenyewe bila maji. Inazuia mkondo usizidi miliampea nane hivi, na transista inapona.

Hatutumii lehemu. Pasi za lehemu 12 hatuna, na soketi ya umeme darasani ni moja. Tunatumia konekta za mafundi umeme, zile za plastiki zenye skrubu zinazouzwa kwa ukanda wa tundu 12, tunazikata kwa kisu. Tatizo lake ni kwamba mguu wa transista ni mwembamba kama uzi, skrubu inaukosa. Dawa ni kuukunja ncha yake mara mbili kwa koleo kabla ya kuuingiza. Hili nililijifunza kwa kupoteza transista nyingi, na sasa naonesha mwenyewe mbele ya darasa, taratibu, kabla mtu hajagusa bisibisi.

Makosa ya kipindi hiki yanajulikana, na kila moja lina sauti yake. Nimeyaandika kwenye manila nyingine ili watoto wayatafute kwa masikio kabla ya kuniita. Baza ikilia muda wote hata bila maji, miguu miwili ya transista inagusana, mara nyingi beza na kolekta. Ikikaa kimya kabisa, tazama kwanza baza isiwe imegeuzwa, halafu legeza kila skrubu uone kama imebana shaba au plastiki. Ikinong'ona tu, au ikilia kwa namna isiyoeleweka, kolekta na emita zimebadilishana nafasi.

Hilo la mwisho ndilo lililotutesa. BC547 ukiielekeza ubapa wake kwako, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, beza, emita. Duka moja lilituchanganyia humo transista za 2N3904, zenye umbo lilelile na rangi ileile, ila miguu yake inaanza na emita. Vikundi vinne vilifuata mchoro wangu sawasawa na bado havikufanikiwa. Mvulana mmoja aliyevaa miwani ndiye aliyeziinua kwenye mwanga wa dirisha na kusoma maandishi, akaniita, "Mwalimu, hii siyo namba ya ubaoni." Sasa kusoma namba iliyoandikwa kwenye transista ni sehemu ya kituo, na nanunua 20 kwa ajili ya vikundi 12.

Kipindi cha nne kinahusu kitambuzi, yaani zile ncha mbili zinazoingia majini. Kituo: kitambuzi kining'inie kwenye ndoo, baza ilie maji yakifika kwenye mstari uliochorwa, na inyamaze maji yakishushwa. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo ngumu. Watoto wengi hufunga nyaya zote mbili kwenye kipande kimoja cha plastiki, sentimita moja kati yake. Maji yakishuka, utando mwembamba wa maji unabaki kwenye plastiki kati ya ncha hizo, na transista haijali kama ni utando au ni tangi zima. Baza inaendelea kulia. Kikundi kimoja kilikata plastiki ya chupa kwa umbo la herufi V iliyopinduliwa, kila waya kwenye mguu wake, tone likakosa daraja. Kingine kiliacha ncha zining'inie huru bila kugusa plastiki. Zote mbili zinafaa, na sikuwapa jibu. Niliwaachia ndoo.

Hapohapo tunarudi kwenye lile jedwali la maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvichumvi, na hayo yanaliza king'ora kwa nguvu. Maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja bila kupita juu ya bati la zamani yanapitisha kidogo sana, na kwayo baadhi ya ving'ora vyetu vilififia. Kwa familia inayojaza tangi kwa maji ya mvua, ncha zisogezwe karibu zaidi au ziachwe shaba ndefu zaidi iliyo wazi. Huo ndio mpaka wa kifaa hiki, na nataka mwanafunzi aweze kuutaja anapokikabidhi kwa mtu.

Kipindi cha tano hakina kituo kipya, ni kipindi cha akiba. Najua kinavyoonekana kwenye azimio la kazi, kama pengo, na kuna mwalimu aliyeniuliza mbele ya wenzake kama nina vipindi vya kugawa bure. Lakini vikundi 12 haviendi kwa mwendo mmoja. Betri ya kikundi fulani itaisha kwa sababu waliifungia sandukuni ikiwa imeunganishwa. Mtoto mwenye bisibisi atakuwa mgonjwa. Usipoweka akiba ndani ya mpango, akiba itachukuliwa kwa nguvu kutoka kwenye kipindi cha mwisho, na cha mwisho ndicho chenye mengi ya kufundisha. Vikundi vilivyofika vinabadilishana vifaa siku hiyo na kujaribu kuviangusha vya wenzao kwa yale majaribio matatu ya kwenye kadi. Yaliyopatikana yanaandikwa.

Kipindi cha sita ni kasha, na sitakikalia sana. Kopo tupu la plastiki linatosha, lenye tundu la sauti na tundu la waya. Kituo: litikise mara kumi, vuta waya wa kitambuzi kwa mkono, kisha king'ora bado kilie. Kinachookoa ni fundo la waya upande wa ndani wa tundu, ili mvuto uishie kwenye fundo usifike kwenye skrubu. Rangi na mapambo wafanye nyumbani wakipenda.

Kuhusu vifaa kulala wapi kati ya kipindi na kipindi, jibu langu ni kwamba mradi wote hukaa kwenye maboksi 12 kabatini, na betri zinarudi kwangu kila siku. Mara ya kwanza ziliachwa kwa vikundi, na mbili zikahamia kwenye vifaa vya nyumbani. Sikuwalaumu watoto. Betri ya volti 9 ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye boksi, na nyumbani kuna mahitaji yake. Kwa sababu hiyohiyo siwaagizi wanafunzi waje na sehemu zozote za kununua. Kikundi chenye mzazi mwenye uwezo kitafika kituo cha tatu mapema, na kingine kitakaa wiki mbili kikisubiri baza.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni muda: silabasi ni ndefu, na vipindi nane kwa king'ora kimoja ni anasa. Nimelipima kwa unyoofu. Ndani ya vipindi hivyo nane zimefundishwa saketi, mkondo, ukinzani, vipitishi na visivyopitisha, hesabu ya volti kugawanya omu, na kazi ya transista kama kikuza mkondo. Mada hizo zingechukua vipindi kadhaa hata bila mradi. Gharama ya kweli ya ziada, kwa hesabu yangu, ni vipindi vitatu: cha kasha, cha akiba na cha saba, cha mtumiaji, ambacho nitakifikia. Mwalimu asiyekuwa navyo afute kasha, kifaa kikae wazi kwenye kipande cha ubao. Asifute cha mtumiaji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni la upimaji. Vituo ni vya kikundi, na kikundi kinaweza kumbeba aliyelala. Nilifikiria kumpima kila mmoja kwa dakika tatu akitafuta hitilafu niliyoitia kwa makusudi, lakini watu 60 kwa dakika tatu ni dakika 180, vipindi vinne na nusu. Ninachofanya kipindi cha nane ni kuwapa wote karatasi yenye saketi iliyochorwa ikiwa na kosa moja, kila mtu peke yake aseme king'ora hicho kingelia vipi na kwa nini. Kisha kwa kura, mtu mmoja wa kila kikundi anapewa kifaa cha kikundi chake nilichokivuruga, akitengeneze. Kwa kuwa hawajui kura itamwangukia nani, tangu kipindi cha tatu wanaanza kufundishana kwa bidii ambayo hotuba yangu haijawahi kuileta.

Nirudi kwenye kipindi cha saba, cha mtumiaji. Kituo: mtu wa nje ya darasa akiwashe king'ora kwa kusoma karatasi ya maelekezo tu, wanafunzi wakiwa wamefunga mdomo na kushika kalamu. Jikoni kwetu kuna simtanki ya shule, na mama anayepika uji akakubali kutupa nusu saa yake. Watoto wakamwamkia, wakamkabidhi kopo na karatasi, wakasogea pembeni. Alining'iniza kitambuzi bila shida. Akafungua koki. Maji yakapanda, king'ora kikalia, darasa zima likatabasamu. Akaifunga koki. King'ora kikaendelea kulia.

Akasubiri. Akaitazama karatasi upande wa mbele na wa nyuma. "Wanangu, koki nimeshaifunga," akasema, "sasa hiki nakizima wapi?"

Hakuna kundi hata moja kati ya 12 lililokuwa limeweka swichi. Darasani hatukuihitaji kamwe, kwa sababu kwenye kikombe unainua ncha tu na kelele inakoma, na kwenye ndoo tulikuwa tunayashusha maji wenyewe. Lakini simtanki iliyojaa inabaki imejaa. Ncha zinabaki majini, baza inalia hadi betri iishe, na shaba ya upande wa chanya inaanza kuliwa na kugeuka kijani. Vikundi tisa vilifanikiwa kufunga swichi kipindi cha nane, kwa kupasua kasha lililokwisha kufungwa vizuri. Vitatu vilivunja tundu la waya na kurudi nyuma.

Kwa hiyo mpango wa mwaka huu nimeubadilisha. Mama mpishi anakuja kipindi cha tano, akikabidhiwa king'ora kilichofungwa juu ya kipande cha ubao, na akiba inafuata kipindi cha sita. Kasha linafungwa baada ya hapo.